Kijiko au mkono? Kwanza niambieni ini liko wapi

Jumatatu moja asubuhi waliingia watatu chumbani kwangu: mama kijana anayefanya kazi benki, mama mkwe wake, na mtoto wa kike wa miezi minane aliyelala begani kwa bibi. Nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa vizuri akaanza kushtaki.

"Daktari mwanangu, nisaidie kumwambia mwenzio. Anamkalisha mtoto, anampa kipande cha boga ashike mwenyewe, ati ndiyo mtindo wa siku hizi. Juzi kimempalia mpaka machozi yakamtoka. Mimi nimelea sita kwa uji na kijiko, hakuna hata mmoja aliyepaliwa."

Mkwe alisubiri amalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani, hakupaliwa. Alikohoa kidogo akakitema. Na nikiwa kazini dada ananiambia uji anaunywa huku analia."

Walikuwa wamekuja kutafuta hakimu. Mimi wakati huo nilikuwa naangalia viganja vya mtoto. Niliweka kiganja chake juu ya changu nikaona kimepauka, na nilipovuta chini kope la jicho, ndani hakukuwa na wekundu unaotakiwa. Tukampima. Wingi wa damu ulikuwa gramu 8.4 kwa desilita. Kwa umri wake tunataka usipungue 10.5. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea na choo hakikuwa na minyoo. Uzito wake, kilo 7.4, haukuwa mbaya, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema: kadi ya kliniki ilionyesha mstari unaopanda vizuri kila mwezi.

Nikawaambia kesi yao naiahirisha, kwanza wanitajie kila kitu mtoto alichokula jana, tangu asubuhi hadi usiku. Asubuhi kabla ya kazi mama alimpa nusu ya ndizi mbivu akaishika mwenyewe. Saa nne bibi alimpa uji wa lishe uliochanganywa na maziwa ya ng'ombe. Mchana viazi mviringo na karoti, vimesagwa kwenye blenda na kuchujwa. Saa kumi uji tena. Jioni mama aliporudi alimpa vipande vya boga na parachichi. Katikati ya hayo alinyonya. Nikawauliza nyama iko wapi, au ini, au dagaa, au maharage. Wakatazamana. Bibi akasema meno mawili hayawezi nyama. Mama akasema kwenye kurasa anazofuata kwenye simu wanaanza na matunda na mboga.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wasimame nami. Watu wawili waliokuwa wakigombana kuhusu namna ya kumlisha mtoto walikuwa wanakubaliana kabisa, bila kujua, kuhusu kumnyima kitu kilekile. Kijiko cha bibi kilibeba chakula kisicho na chuma cha kutosha, na mkono wa mtoto ulishika chakula kisicho na chuma cha kutosha. Nimewaona wengi wa namna hii kwa miaka hii michache ambayo mtindo wa mtoto kujilisha umeingia mijini kwetu, na msimamo wangu ni huu: ugomvi wa kijiko na mkono ni wa pili. Wa kwanza ni nini kimo ndani.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huja duniani na akiba ya madini ya chuma aliyoichukua kwa mama, sehemu kubwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Akiba hiyo humfikisha karibu na miezi sita. Njiti huzaliwa na akiba ndogo, ndiyo sababu daktari humwanzishia matone ya chuma mapema. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko chochote nitakachokitaja hapa, na Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi, lakini chuma chake ni kidogo sana. Lita nzima haifikishi hata miligramu moja. Kinachonyonywa hufyonzwa vizuri, ila baada ya miezi sita hakitoshi tena, kwa sababu damu inaongezeka, misuli inaongezeka, na ubongo unakua kwa kasi na wenyewe unahitaji chuma.

Kiasi anachohitaji kinashangaza. Viwango vinavyotumika Marekani vinasema mtoto wa miezi 7 hadi 12 apate miligramu 11 za chuma kwa siku. Mwanamume mzima, baba yake, anatakiwa kupata 8. Yaani mtu mwenye tumbo la ukubwa wa ngumi anahitaji chuma kingi kuliko mtu anayemaliza sahani ya ugali. Hana nafasi tumboni ya kupoteza kwa chakula kitupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika hesabu hiyo, lakini chakula kimo pia.

Sasa uji wa lishe. Najua nitakera watu, maana uji huu kwetu umekuwa kama ibada: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, na siku hizi naona pakiti zinazojisifu kwa nafaka kumi. Uji una kazi yake, unatia nguvu na mtoto anaumeza kwa urahisi. Tatizo ni kwamba chuma kilicho kwenye nafaka na soya kimefungwa na asidi ya fitiki, kitu ambacho mmea hukiweka kwenye mbegu zake, na utumbo wa mtoto hauwezi kukifungua. Katika miligramu 10 za chuma cha namna hiyo, mwili unaweza kupata nusu miligramu, pengine moja. Chuma cha kwenye damu na nyama ya mnyama hakifungwi hivyo. Mwili huchukua sehemu kubwa zaidi, na tena nyama ikiwekwa pamoja na nafaka husaidia hata kile cha nafaka kifyonzwe. Kuongeza nafaka ya nane na ya tisa hakuongezi chuma cha maana. Kunaongeza gharama, na kama mahindi na karanga hazikuchambuliwa na kukaushwa vizuri, kunaongeza sumukuvu.

Bibi zetu wa zamani, nasema wa zamani kuliko yule aliyekuwa mbele yangu, walikuwa na ujanja ambao tumeuacha. Waliotesha mtama au ulezi kidogo, wakaukausha wakapata kimea, au walichachusha uji. Kuotesha na kuchachusha hupunguza ile asidi inayofunga chuma. Kimea kina faida nyingine: kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito uliokwisha kuiva na ukiwa bado wa moto, unalegea wenyewe bila kuongeza maji, kisha unarudishwa jikoni uchemke tena kidogo. Mtoto anapata unga mwingi katika bakuli lilelile. Uji wa kawaida unaotiririka kama maji humjaza tumbo tu. Kipimo changu ni rahisi: ukiinamisha kijiko, uji ubaki juu yake.

Turudi kwenye mtindo wa mtoto kujilisha. Jina lake la Kiingereza lilienezwa na Gill Rapley, Mwingereza aliyekuwa mhudumu wa afya wa kutembelea familia, na kitabu chake na mwenzake Tracey Murkett kilitoka mwaka 2008. Wazo ni kwamba mtoto wa miezi sita anayeweza kukaa, kushika kitu na kukipeleka mdomoni hahitaji kusagiwa. Wekea mbele yake chakula laini kwa vipande, aamue mwenyewe ale nini na kiasi gani. Kuna jambo la kweli hapo. Mtoto anayejilisha hashindiliwi. Anajifunza kutafuna mapema, na anakula pamoja na wengine mezani au mkekani, jambo ambalo kwetu si geni hata kidogo. Sinia moja limetulea wengi.

Walioupima mtindo huu kwa makini zaidi ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi. Walichukua familia 206 wakazigawa kwa bahati nasibu: wengine waliendelea na ulishaji wa kawaida, wengine walifundishwa mtoto ajilishe. Ila hawakuwaachia wazazi watafute wenyewe mitandaoni. Waliwapa masharti: kila mlo uwe na chakula kimoja chenye chuma kingi, kimoja chenye nguvu nyingi, na vyakula vya hatari kwa kupaliwa vikae mbali. Kwa masharti hayo, hali ya chuma mwilini haikutofautiana kati ya makundi mawili, na watoto waliojilisha hawakupaliwa zaidi ya wenzao. Matokeo hayo huenezwa sana na wapenzi wa mtindo huu, lakini masharti yenyewe husahaulika njiani. Mama yule wa benki alikuwa amechukua vipande akaacha masharti.

Utafiti ule una jambo jingine ambalo napenda akina bibi wote walisikie. Asilimia 35 ya watoto wote walipaliwa angalau mara moja kati ya miezi sita na minane, wa kijiko na wa mkono. Na wazazi wa makundi yote mawili waliwapa watoto vyakula vya hatari. Walipofika miezi saba, zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kupewa. Kijiko si ngao. Kinachompalia mtoto ni umbo na ugumu wa chakula, jinsi alivyokaa, na kama kuna anayemtazama.

Hofu ya bibi haikuwa ya kijinga, na sikutaka aondoke akidhani namdharau. Nilimwomba anionyeshe mtoto alifanyaje siku ile ya boga. Akaigiza: ulimi nje, uso mwekundu, machozi, kikohozi, kama anataka kutapika, kisha kipande kikatoka. Hicho si kupaliwa. Ni kinga. Kwa mtoto wa miezi sita, sehemu ya ulimi inayoamsha hali ya kutaka kutapika iko mbele zaidi kuliko kwetu, hivyo chakula kinarudishwa kabla hakijafika karibu na njia ya hewa. Kadiri anavyokua, sehemu hiyo inarudi nyuma. Kule Nyuzilandi watoto wa kujilisha walifanya hivi mara nyingi zaidi wakiwa na miezi sita, na mara chache zaidi kuliko wenzao walipofika minane. Wakati huo usimpige mgongoni na usitie kidole mdomoni. Unaweza kukisukuma ndani kile alichokuwa anakitoa.

Kupaliwa kwa kweli kunatisha kwa sababu ni kimya. Mtoto hakohoi, halii, au anatoa mlio mwembamba tu. Midomo inageuka samawati, macho yanatoka, mikono inahangaika. Hapo huna dakika za kutafuta bodaboda. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umeshika taya lake, na umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, kwa nguvu. Kama hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado chini, bonyeza katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara tano, kwa vidole viwili au kiganja kimoja. Angalia mdomoni, ukikiona kitu, kitoe, usipokiona usichokonoe. Rudia tano na tano huku mwenzako akiita msaada. Akilegea na kupoteza fahamu, anza kumfufua kwa kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi huku mnakwenda hospitali. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja halibonyezwi, linaweza kupasuka viungo vya ndani. Nimewafanyisha mazoezi wote wawili kwa mwanasesere tulionao kliniki, na nawashauri wasomaji wamwombe muuguzi wa kliniki yao awaonyeshe. Kusoma gazetini hakutoshi.

Vyakula vinavyoua kwa namna hii havipo kwenye sahani ya boga. Vipo mfukoni mwa kaka yake: karanga nzima, korosho, bisi, ubuyu wenye mbegu, pipi. Ukiongeza zabibu nzima, karoti mbichi, tufaa bichi, soseji iliyokatwa duara na samaki mwenye miiba, orodha ya nyumba zetu nyingi imekamilika. Karanga isagwe iwe siagi laini na ichanganywe kwenye uji, kamwe isipewe nzima, na korosho hivyohivyo. Nilimwambia mama awaite watoto wa shangazi yao wanaoshinda pale nyumbani awape sheria moja tu: hakuna anayemtilia mtoto kitu mdomoni.

Halafu nikageukia lile la uji na kilio, na hapa bibi aliniangalia kwa jicho kali. Kumlaza mtoto magotini, kumshika mikono, kumziba pua ili afungue mdomo, kisha kumimina uji, ni njia ya hatari kuliko kipande chochote cha boga. Mtoto anayelia anavuta hewa, na uji unavutwa nayo mpaka mapafuni. Tunawalaza wodini watoto wenye nimonia ya namna hiyo, na mara nyingi mama anasema kwa fahari kwamba anakula sana. Kijiko kiende mbele ya mdomo kisubiri. Akifungua, anataka. Akigeuza uso, ameshiba au amechoka.

Basi nilimwamulia nani? Nilisema watumie vyote viwili katika mlo uleule. Chakula chenye chuma kipite kwenye kijiko, kwa sababu mtoto wa umri huu akiachiwa mwenyewe anapondaponda zaidi kuliko anavyomeza, na huyu hana akiba ya kusubiri ajifunze. Pembeni awekewe kipande cha kushika, naye apewe muda. Mtindo wa mkono mtupu, bila kijiko, siushauri kwa njiti, kwa mtoto mwenye uzito mdogo, kwa aliyechelewa kukaa au mwenye mtindio wa ubongo, wala kwa huyu wangu mwenye gramu 8.4. Na mahali ambapo mtoto anatambaa kwenye mchanga wa uani, mkono wa kujilisha ni mkono wa kunawishwa kwa sabuni kila mlo. Wanaoandika kutoka Ulaya hawalisemi hili kwa sababu kwao halipo.

Kwa blenda nilikuwa mkali zaidi. Miezi minane na bado chakula kinachujwa! Kuna utafiti wa muda mrefu wa watoto wa Bristol, Uingereza, ulioonyesha kwamba waliochelewa kupewa chakula chenye mabongemabonge laini mpaka baada ya miezi tisa walikuwa na shida zaidi za kula hata walipofika miaka saba. Miezi sita ponda kwa uma kiwe laini. Miezi saba na minane acha mabonge laini. Meno hayasubiriwi, fizi zinaponda vizuri. Kipimo ni kwamba kipande kipondeke kati ya kidole gumba na cha shahada bila kutumia nguvu. Kipande cha kushika kiwe na urefu na unene wa kidole chako, ili kitokeze nje ya ngumi yake, maana hajui bado kuokota kwa ncha za vidole. Hilo huja karibu na miezi tisa, na hapo ndipo vipande vinakuwa vidogo.

Tukaandika pamoja jikoni kutabadilika nini. Ini la kuku nililiweka la kwanza kwa sababu ni la bei nafuu, linauzwa kila soko, na gramu 100 zilizopikwa zina miligramu 11 hivi za chuma. Ini moja dogo linatosha mlo wa mtoto. Lioshwe, likatwe, lichemshwe na nyanya na kitunguu mpaka ndani pasibaki wekundu, kisha lipondwe kwa uma pamoja na mchuzi wake na kuchanganywa na kiazi au ugali laini. Lina vitamini A nyingi sana, kwa hiyo mara mbili kwa wiki inatosha, si kila siku. Siku mbili nyingine nyama ya ng'ombe ya kusaga, ipikwe kwenye mchuzi wa nyanya mpaka ilainike. Mama anaweza kuifinyanga kama kababu nyembamba ndefu, iive ndani ya mchuzi, na mtoto akaishika. Vipande vya nyama ya kawaida hapana, nyuzi zake hazikatiki kwa fizi.

Siku zilizobaki ni za dagaa na maharage. Dagaa waliokaushwa mchangani wachambuliwe, waoshwe kwa maji mengi, wakaushwe, wakaangwe bila mafuta kwa moto mdogo, wasagwe na wachekechwe. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kinaingia kwenye uji wa bibi, na harufu ikimsumbua aanze na cha chai. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe mpaka yavurugike, na yapondwe. Chuma cha maharage ni kile kigumu cha mimea, kwa hiyo kiambatane na vitamini C katika mlo huohuo: nyanya, limau lililokamuliwa juu, kipande cha papai au chungwa lililotolewa mbegu na ngozi zake nyembamba. Limau lisichemshwe, liwekwe mwishoni. Chai, hata ya maziwa, isikaribie kikombe cha mtoto, inazuia chuma. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla hajatimiza mwaka. Kiasi kidogo kwenye chakula kinatosha.

Bibi akauliza kuhusu juisi ya rozela na kiazisukari chekundu, kile cha bitiruti, kwamba vinaongeza damu. Ninaulizwa hili kila wiki. Wekundu wa juisi ni rangi ya mmea. Gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu moja ya chuma, na juisi tamu kabla ya mlo inamaliza hamu ya kula. Mchicha na matembele ni mboga nzuri, aendelee kupewa, ila chuma chake hufyonzwa kidogo na hauwezi kusimama badala ya ini. Kiini cha yai vilevile: yai lina mengi mazuri, apewe hata kila siku likiwa limeiva kabisa, lakini si dawa ya damu kama wengi wanavyoamini.

Kiasi hakikuwa kikubwa. Mtoto anayeanza miezi sita ni vijiko vikubwa viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Huyu wa minane tulilenga nusu kikombe cha mililita 250 kwa mlo, milo mitatu, na anyonye kila anapotaka.

Chakula peke yake, hata hivyo, hakimtoi mtoto kwenye gramu 8.4 kwa wakati. Nilimwandikia dawa ya maji ya chuma, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kama miligramu 22, kwa miezi mitatu. Hesabu hii ni ya chuma chenyewe, si ya chumvi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa, na watu hukosea hapo. Usiinunue kwa kukisia. Ipewe kati ya milo, bila maziwa, chupa ifungiwe juu kabatini kwa sababu mtoto mwingine akiinywa kama sharubati anaweza kufa. Choo kitakuwa cheusi, wasiogope.

Walirudi baada ya wiki nne. Kama tatizo ni chuma, na dawa inapewa kweli, wingi wa damu hupanda angalau gramu moja katika muda huo. Usipopanda tunatafuta sababu nyingine, ikiwemo selimundu. Huyu alikuwa na 9.8. Mama alisema ini analipenda kuliko boga. Bibi hakusema kitu kuhusu mtindo wa siku hizi, ila alifungua kontena dogo alilokuja nalo, akamkalisha mjukuu wake wima mapajani, akampa kababu ya nyama ya kusaga ashike, na yeye akaendelea na kijiko upande wa pili, akisubiri mdomo ufunguke. Bado wana mwezi mmoja wa dawa, na kipimo kingine ni Alhamisi ijayo.